*TAARIFA KWA WANACHAMA: VPN SI NGAO YA KILA KITU*



Kwenye makundi yetu unazunguka ujumbe unaosema, "Washa VPN, ongea chochote, hawakuoni." Tunaupinga ujumbe huo waziwazi. Ni nusu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomponza mtu.

VPN ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, Virtual Private Network, yaani mtandao pepe wa faragha. Inachimba handaki kati ya simu yako na kompyuta ya kampuni ya VPN, ambayo mara nyingi iko nchi nyingine. Unachotuma kinafungwa kwa siri ndani ya simu yako, kinapita kwa kampuni ya laini kikiwa kimefungwa, na kinatokea upande wa pili kuelekea kwenye tovuti unayoitaka.

Chukueni mfano wa mwanachama wa Temeke anayetaka kufungua X, mtandao uliozuiwa nchini Mei 2025. Bila VPN, kampuni ya laini inaona jina la tovuti anayoiomba na kumzuia. Akiwasha VPN, inaona tu kwamba ameunganishwa na kompyuta fulani ya nje, saa ngapi, na ametumia bando kiasi gani. X nao wanaona anwani ya huko nje, si ya Temeke. Hapo VPN imefanya kazi yake.

Sasa mwanachama huyo huyo anarudi kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200 na kuandika jambo zito, akijiona amejificha. Amejificha kwa nani? Namba yake inaonekana na wote 200, na laini hiyo ameisajili kwa alama za vidole. Mmoja akipiga picha ya skrini, VPN haina la kufanya. Ujumbe wa WhatsApp tayari unasafiri umefungwa hata bila VPN. Hatari yake iko kwenye simu zinazoupokea. Na simu ikichukuliwa mkononi, handaki halipo, kila kitu kiko wazi mezani. Wala VPN haifichi ulipo: maadamu laini iko hewani, mnara unajua simu iko eneo gani.

Wanaogawa VPN za bure nao watujibu: nani analipa gharama? Handaki lina mwenyewe. Yale ambayo kampuni ya laini haiyaoni tena, sasa anaweza kuyaona mwenye VPN. Facebook walikuwa na VPN ya bure iliyoitwa Onavo Protect, ikitangazwa kuwa inalinda watumiaji, kumbe iliwapa Facebook taarifa za programu nyingine ambazo watu hao walitumia. Ilifungwa 2019, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ilizitoza kampuni tanzu za Facebook faini ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha wananchi.

Tena handaki hukatika kimyakimya mtandao ukiyumba, na simu hurudi njia ya kawaida bila kukuambia. Angalieni alama ya ufunguo juu ya skrini: ikitoweka, mko wazi. Kwenye simu nyingi za Android, ingieni mipangilio ya VPN, muwashe `Always-on VPN` na `Block connections without VPN`.

Na tusisahau tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi. Intaneti ilizimwa nchi nzima. VPN hupita juu ya intaneti. Barabara ikifungwa, basi zuri kiasi gani haliendi.

Haya hayawapi watawala haki. Oktoba 2023 TCRA iliwataka wanaotumia VPN kwa shughuli zao waziandikishe, pamoja na anwani zao za IP, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo, ikitaja faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miezi 12 kwa wakiukaji. Faragha inayoombewa kibali kwa yule unayejikinga naye si faragha. Tunataka agizo hilo lifutwe na X ifunguliwe. Na kwa kuwa adhabu hiyo ipo, anayemwambia mwanachama "washa tu" bila kumtajia anamtoa kafara.

Kwa hiyo tawi linaagiza: orodha za mawakala, namba zao na mahali pa vikao zisitumwe kwenye kundi lolote, uwe na VPN au usiwe nayo. Zipelekwe kwa mkono, kwa katibu. Na kila simu iwe na namba ya siri ya kuifungua.

Imetolewa na Idara ya Uenezi ya Tawi.
Sambaza kwa wanachama wote.