Tembre ya Januari na tembre ya Desemba

Mwisho wa mwaka unakaribia, na vikundi vingi vya AVEC vinajitayarisha kufungua sanduku. Mama mmoja aliniuliza hivi: «Mwalimu, mimi nilianza kuweka tangu Januari, mwenzangu alikuja kuweka nyingi mwezi wa kumi. Mbona faida yetu ni sawasawa?» Ulizo lake ni la haki, na jibu lake ni hesabu.

Kwanza tuelewe kanuni ya kawaida. AVEC ilianza Nijeri mwaka 1991 na shirika la CARE, kati ya wamama ambao wengi hawakujua kusoma. Hesabu ya mwisho ni nyepesi: feza yote inahesabiwa, inagawanywa kwa hesabu ya tembre zote, na kila tembre inapata kiasi kimoja. Haiulizwi tembre iliingia siku gani. Lakini kanuni hiyohiyo inaweka mpaka: katika kila mkutano mama ananunua tangu tembre 1 mpaka 5, hapiti hapo. Mpaka huo ndio unaozuia mtu kuleta mlima wa feza mwishoni. Vikundi vingine vimeondoa mpaka juu ya kutaka sanduku lijae, na vimebaki na ugawaji uleule wa zamani. Hapo ndipo manunguniko yanazaliwa.

Tuchukue mfano wa wamama watatu tu, ili hesabu isituchoshe. Tembre moja ni franka 2.000, na mwaka unaanza Januari.

Mama wa sombe ananunua tembre 10 kila mwezi, miezi yote 12. Mwisho ana 120. Mama wa mawese ananunua 20 Januari, 20 Februari na 20 Machi, kiisha biashara yake inalegea na haongezi tena. Ana 60. Mama wa vikwembe haweki kitu mpaka Septemba, kiisha ananunua 40 kwa mwezi katika Oktoba, Novemba na Desemba. Naye ana 120. Jumla ni tembre 300, ni kusema franka 600.000. Mikopo imeleta faida ya franka 168.000.

Tukigawa kwa tembre tu, kila tembre inapata franka 560 za faida. Mama wa sombe anapata 67.200. Mama wa vikwembe vilevile 67.200. Mama wa mawese anapata 33.600. Sasa fikirini: mwezi wa nne, wamama walipokopa ili kuongeza mali sokoni, walikopa feza ya nani? Walikopa ya mama wa sombe na zaidi ya mama wa mawese. Feza ya vikwembe ilikuwa haijafika. Na ilipofika, kikundi kilikuwa kinakaribia kufunga mikopo, maana madeni yote sherti yarudi mbele ya kugawana. Sehemu kubwa ya feza hiyo ililala tu ndani ya sanduku.

Dawa ni kuhesabu tembre pamoja na miezi iliyokaa. Wengine wanaogopa wakisikia hivyo, wanafikiri ni kuzidisha kila tembre kwa miezi yake. Hapana, kuna njia ya kujumlisha tu. Katika kaye ya sekretere, kila mwisho wa mwezi, andika mbele ya jina la kila mama tembre alizo nazo jumla siku ile. Mwisho wa mwaka jumlisha namba zake zote 12. Basi.

Mama wa sombe ana 10 mwisho wa Januari, 20 mwisho wa Februari, 30, 40, vile mpaka 120. Jumla yake ni 780. Mama wa mawese ana 20, kiisha 40, kiisha 60 mara kumi: 660. Mama wa vikwembe ana sufuri mara tisa, kiisha 40, 80 na 120: 240. Jumla ya wote ni 1.680. Faida ya 168.000 ukiigawanya kwa 1.680, unapata franka 100. Maana yake: tembre moja ikikaa mwezi mmoja imezaa franka 100.

Kwa hiyo mama wa sombe anapata 78.000, mama wa mawese 66.000, mama wa vikwembe 24.000. Jumlisheni, ni 168.000 kamili. Tazameni mama wa mawese: kwa hesabu ya kwanza alikuwa wa mwisho, kwa hii anakaribia wa kwanza, hata kama tembre zake ni nusu ya zile za wenzake.

Angalisho kubwa: miezi inagawa faida peke yake. Akiba ya mtu inarudi nzima, franka 2.000 kwa kila tembre. Mama wa vikwembe sherti apewe 240.000 zake kwanza, kiisha 24.000. Mkigawa feza yote ya sanduku kwa miezi, mtakuwa mmekula mali yake.

Na faida yenyewe ni ipi? Ni feza iliyo mezani, si ile iliyoandikwa tu. Kama mama fulani hajalipa deni, entere yake haihesabiwi kuwa faida, na deni linakatwa kwanza kwenye tembre zake. Kese ya msaada, ile ya ugonjwa na vilio, mnaiweka pembeni mbele ya hesabu, kwani haigawanywi kwa tembre.

Kuna njia ya kujua kama mmekosea. Katika mfano wetu tembre ya 2.000 imezaa 100 kwa mwezi, ni kusema 5 kwa 100. Kama kikundi kinakopesha kwa 10 kwa 100 kila mwezi, ni vizuri: karibu nusu ya feza ilikuwa nje. Lakini mkipata kwamba tembre imezaa kupita ile 10, simameni. Mikopo haiwezi kuzaa zaidi ya bei yake. Mara nyingi kese ya msaada au malipo ya kosa yameingia ndani ya faida, ao kuna tembre ambazo sekretere hakuandika.

Mgawanyo mara nyingi hautoki kamili. Punguzeni sehemu ya kila mama mpaka franka mia nzima, na kinachobaki kiingie kese ya msaada.

Sasa, je, mubadilishe kanuni mwezi huu? Kwa mawazo yangu, hapana. Mama wa vikwembe hakuiba, alifuata sheria mliyomwekea. Kumpunguzia siku ya kugawana, feza ikiwa mezani, ni kuvunja neno mlilopatana naye. Gaweni mwaka huu kama mlivyoandika. Mkutano wa kwanza wa Januari, mbele ya tembre ya kwanza, chagueni: ama kurudisha mpaka wa tembre 5, ama kuhesabu miezi. Wenye kuchagua miezi, semeni pia kama tembre zinazonunuliwa kisha mikopo kufungwa zitapata faida ao akiba tupu. Andikeni kwenye sheria ya kikundi, kila mama atie sahihi ao kidole.

Na kila mwisho wa mwezi sekretere asome namba kwa sauti, kila mama akiwa na kitabu chake mkononi. Namba isipolingana na tembre zake, inasahihishwa palepale, si mwezi wa kumi na mbili.