Alama Zinazopanda na Kushuka si Ushahidi wa Ugonjwa wa Kusoma

Mtoto anaposhindwa kusoma, hali akizungumza ana akili timamu na akicheza ni mwepesi kuliko wenzake, walimu huanza kushuku kwamba ana ugumu maalumu wa kujifunza, ule uitwao disleksia. Hupelekwa kwa mtaalamu wa saikolojia, naye humpima kwa kipimo cha akili. Majibu hurudi yakiwa na alama za kupanda na kushuka: huku 13, kule 6. Hapo ndipo husikika kauli tunayotaka kuipinga leo, yaani kwamba mwachano huo wa alama ndio unaothibitisha ugonjwa. Sisi twasema hauthibitishi neno, na mtoto aweza kudhulumiwa kwa njia mbili: kupewa jina la maradhi asiyokuwa nayo, au kunyimwa msaada kwa sababu alama zake zimelingana.

Kipimo kitumikacho sana ni kile cha David Wechsler cha watoto, kilichotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 1949, na ambacho toleo lake la tano lilitoka mwaka 2014. Asili ya baadhi ya sehemu zake ni jeshini. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917, iliwapima makuruta kwa mtihani wa maandishi, na wale wasiojua kusoma Kiingereza ikawatungia mtihani wa picha na ishara. Wechsler, wakati huo kijana, alikuwa mpimaji katika kambi ya Logan, jimboni Texas. Aliona watu waliojimudu vema katika maisha yao ya kiraia wakianguka katika mtihani. Baadaye alipotunga kipimo chake alichanganya kazi za maneno na kazi za mikono, ili mtu asihukumiwe kwa mlango mmoja tu.

Kwa hiyo kipimo hiki ni mkusanyiko wa vijaribio vingi vidogo. Kila kijaribio hupewa alama kuanzia 1 hadi 19, na wastani wa watoto wa umri mmoja ni 10. Takriban theluthi mbili ya watoto huangukia baina ya 7 na 13.

Tuchukue mfano tulioutunga wenyewe, wa msichana wa miaka 9 aliye darasa la nne, kwa vijaribio 10 vikuu kama vilivyokuwa katika toleo la nne la mwaka 2003. Katika vijaribio vya maneno, amepata 12 kwa kueleza mfanano wa vitu, 11 kwa msamiati na 12 kwa maarifa ya maisha. Katika vile vya kutazama na kufikiri, amepata 13 kwa kupanga vibao, 10 kwa kulinganisha picha na 12 kwa kukamilisha maumbo. Katika vile vya kumbukumbu, amepata 7 kwa kurudia tarakimu na 8 kwa kupanga herufi na tarakimu. Katika vile vya wepesi, amepata 6 kwa kuandika ishara na 9 kwa kutafuta ishara. Jumla ni 100, nayo humweka palepale katikati ya wenzake.

Mtazamaji wa haraka atasema: tazameni, fikra ziko juu, kumbukumbu na mkono viko chini, hii ndiyo disleksia. Hata wataalamu waliwahi kusema hivyo. Kwa miaka mingi walifundishwa kutafuta umbo maalumu la alama, yaani hesabu, kuandika ishara, maarifa ya jumla na kurudia tarakimu zikiwa chini kwa pamoja. Umbo hilo lilipochunguzwa, ilidhihirika kwamba wengi wa watoto wenye ugumu wa kusoma hawakuwa nalo kamili, na wapo waliokuwa nalo ambao walisoma bila taabu.

Kosa lilikuwa la kutouliza swali la kwanza: je, mtoto asiye na tatizo lolote alama zake zikoje? Swali hilo lilijibiwa na Alan Kaufman mwaka 1976. Alichukua alama za watoto 2,200 ambao kwao toleo la mwaka 1974 lilisanifiwa, watoto wa kawaida wa Marekani, akatazama umbali baina ya alama ya juu na alama ya chini ya kila mtoto. Wastani wa umbali huo ulikuwa alama 7. Sasa turudi kwa msichana wetu. Alama yake ya juu ni 13, ya chini ni 6, na umbali wake ni 7. Karatasi iliyotutia hofu ni karatasi ya mtoto wa kawaida.

Jambo hili halimshangazi askari aliyepata kusimama katika uwanja wa shabaha. Mpe mpigaji hodari risasi kumi, bunduki ileile na shabaha ileile, nazo hazitapita katika tundu moja. Ukipima umbali baina ya tundu mbili zilizoachana zaidi, utaukuta mkubwa, na kadiri risasi zinavyoongezeka ndivyo umbali unavyopanuka. Kamanda mwenye busara hachagui tundu la mbali na kusema kwamba bunduki imepinda. Vivyo hivyo, takriban watoto 9 katika 100 hupata 6 au chini yake katika kijaribio kimoja. Kwa hiyo mtoto apewapo vijaribio kumi, kuonekana kwa 6 moja si jambo la nadra.

Zaidi ya hayo, kila kijaribio peke yake ni kifupi na kina kosa lake la kupima. Kwa makadirio, tofauti isiyofika alama 4 baina ya vijaribio viwili yaweza kuwa ya bahati tu, na mtoto akipimwa siku nyingine yaweza kutoweka au kugeuka. Msichana wetu ana 6 kwa kuandika ishara na 9 kwa kutafuta ishara. Anayejenga hadithi ndefu juu ya tofauti hiyo anajenga juu ya mchanga.

Hata tofauti ikiwa ya kweli, sababu yake haisomeki katika tarakimu. Alama 6 ya kuandika ishara yaweza kutokana na mkono mzito, macho yasiyoona vema, uchovu, au mtoto kutofahamu kwamba saa inahesabu. Hapa mpimaji mzuri huifunua karatasi yenyewe. Akikuta ishara chache zilizochorwa kwa unadhifu mkubwa, atashuku uangalifu wa kupita kiasi; akikuta nyingi zilizokosewa, atashuku pupa. Kwa kurudia tarakimu, atauliza kama mtoto anasikia vizuri, kama alilala usiku ule, na kama tarakimu hizo zilisomwa katika lugha ambayo mtoto huhesabia kichwani mwake.

Swali hili la lugha lina uzito wa pekee kwetu. Kipimo hiki kimesanifiwa kwa watoto wa Marekani, Uingereza na nchi nyingine za mbali. Mtoto wa kambini nchini Uganda huenda akazungumza Kiswahili uwanjani, lugha ya mama yake nyumbani, na Kiingereza mbele ya mwalimu tu. Apimwapo msamiati kwa Kiingereza akapata 6, kilichopimwa ni muda aliokaa na Kiingereza, wala si akili yake. Hapo hata alama ya jumla haina haki ya kuitwa akili ya mtoto huyo.

Basi ugumu maalumu wa kusoma hujulikanaje? Hujulikana kwa kupima kusoma kwenyewe. Mtoto apewe orodha ya maneno asome kwa sauti huku muda ukihesabiwa. Apewe maneno yasiyo na maana, kama vile “mulepo” na “tosabiki”, ambayo hakuna aliyeyakariri, ili ionekane kama anaweza kuunganisha herufi na sauti. Aambiwe aondoe sauti ya kwanza katika neno alilolisikia, aseme kinachobaki. Aandike imla. Kisha aulizwe mwalimu: amefundishwa nini, kwa muda gani, na baada ya kusaidiwa alisogea kiasi gani? Macho na masikio yapimwe pia.

Tuonye jambo moja hapa. Katika Kiingereza, mtoto mwenye disleksia hukosea maneno mengi, kwa kuwa maandishi ya lugha hiyo hayafuati sauti. Katika lugha ambazo herufi husomeka kama zilivyoandikwa, kama Kiswahili, aweza kusoma neno kwa usahihi lakini kwa kuburura, silabi kwa silabi, miaka mingi baada ya wenzake kuacha kufanya hivyo, na imla yake ikawa dhaifu. Mpimaji anayehesabu makosa tu bila saa atampita mtoto huyo bila kumwona.

Tuseme msichana wetu amepimwa hivyo, kwa lugha anayoifahamu, akaonekana yuko nyuma mno ya darasa lake, hawezi maneno yasiyo na maana, na mafundisho ya ziada ya miezi kadhaa yamemsogeza kidogo tu. Huyo ana ugumu maalumu wa kusoma, na angekuwa nao hata kama alama zake zote kumi zingekuwa 10. Tuseme kinyume chake, kwamba anasoma sawasawa na wenzake. Huyo hana, na zile 13 na 6 hazina la kuongeza. Katika hali zote mbili kilichoamua ni kusoma.

Hatusemi kwamba kipimo cha akili kitupwe. Jumla ya msichana huyu yatuonyesha kwamba tatizo lake halitokani na upungufu wa akili kwa jumla. Kumbukumbu ya 7 na 8, zikiwa mbili zinazokubaliana, zaweza kumfanya mwalimu ajaribu kumpa maagizo mafupi, moja baada ya jingine, na kuona kama yanamfaa. Lakini hayo ni maswali ya kwenda kuhakikishwa darasani, wala si hukumu.

Kwa hiyo, mzazi akabidhiwapo ripoti isemayo kwamba mtoto wake ana disleksia “kwa sababu alama zake zimeachana”, aulize maswali mawili. Je, ni watoto wangapi wa kawaida ambao alama zao huachana kiasi hiki? Na je, mlimsikiliza mtoto wangu akisoma? Ikiwa jibu la swali la pili ni hapana, ripoti hiyo haijakamilika, na haifai kumhamisha mtoto darasa wala kumbandika jina.