Duara halina mwanzo

"Panga hatua hizi za mzunguko wa maji: mvukizo, mtonesho, mvua, kurejea baharini." Swali la namna hii ni la kawaida, nalo lina kasoro. Mwanafunzi wa Mji wa Kale, Mombasa, aliyezoea kuona maji ya mvua yakiteremka vichochoroni kuelekea Bandari ya Kale, huenda akaanza na mvua, kisha kurejea baharini, mvukizo na mtonesho. Mwalimu anayesahihisha kwa nafasi, na ambaye jibu lake linaanza na mvukizo, atampa sufuri kati ya alama 4, ilhali mfuatano wake ni sahihi kabisa. Mtungaji sharti aseme pa kuanzia: "Anza jua linapopasha bahari joto."

Maswali ya kuoanisha nayo yana mtego wa lugha. "Mvukizo" ukiwekwa mkabala na "maji kugeuka mvuke", na "mtonesho" na "mvuke kuwa matone", mtoto ataoanisha mizizi ya maneno pasi na kujua sayansi. Afadhali tutumie mifano: dimbwi la uani linalokauka adhuhuri, gilasi ya maji baridi inayotokwa na jasho.

Wala orodha zisilingane. Istilahi 4 kwa maelezo 4 humzawadia la mwisho yeyote ajuaye 3. Ongezeni maelezo mawili yasiyo na mwenzake, kama maji kuganda kuwa barafu.

Wenzangu walimu, mpeni mtihani wenu mtu asiyejua somo hilo. Akifaulu, kilichopimwa si elimu ya maji.