Eti "Lakini Tuliona kwa Macho"

Wasee, acheni kusema The Usual Suspects (1995) ilitucheza. Eti "lakini tuliona kwa macho!" Uliona nini? Verbal ameketi ofisini akihojiwa na Kujan, na mbinu rejeshi karibu zote zinatoka mdomoni mwake. Kamera inachora tu anachosema. Jina la wakili "Kobayashi" alilitoa chini ya kikombe cha kahawa! Kujan analiona kikombe kikishavunjika, akiwa amechelewa.

Lakini huyo jamaa mwenyewe yupo, mwishoni ndiye anambeba Verbal na gari. Kwa hivyo si yote ni uongo, na hutajua mpaka uko wapi (nimeirudia mara tatu, bado). Ukisikia sauti inasimulia, uliza kwanza: anamwambia nani, na anataka nini? Verbal alitaka tu kutoka hapo akiwa huru.