Barua kwa Mama Aliyeanza Mazoezi

Mpendwa mama,

Umesema kwamba Jumatatu tulipomaliza mazoezi ulikuwa mzima, lakini Jumatano mapaja yakauma hata kukaa kwenye kigoda ikawa kazi. Ndivyo yalivyo maumivu haya. Huanza kesho yake, huzidi siku ya 2 au ya 3, na kwa kawaida huisha ndani ya juma moja. Chanzo ni kule kuchuchumaa polepole: msuli unaonyooshwa huku umebeba uzito hupata michubuko midogo midogo. Wewe unayeteremka na mzigo kutoka Kirua hadi Uchira unalijua jambo hili, kwani mteremko huumiza mapaja kuliko kupanda.

Usijilaze kutwa, tembea taratibu, ila kuchuchumaa tuache kwanza mpaka mapaja yalegee. Njaa nayo usiidanganye kwa chai tupu. Kula kiburu, na maharage yawe mengi, maana ndiyo yanayoujenga msuli. Lakini mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, au paja likivimba na kukosa nguvu, usiningoje mimi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Ijumaa tutafanya mikono.

Mwalimu wako wa mazoezi