Sokoni watoto wapewe mchezo, wasitembezwe kwa mstari

BUKAVU – Baadhi ya walimu wa shule za msingi wakipeleka watoto kwenye soko la Kadutu, huwapanga mstari, huwaonyesha nyanya, maharagwe na sambaza, kisha darasani huandika majina hayo ubaoni ili yanakiliwe. Hayo si masomo. Majina hayo mtoto anayajua tangu alipoanza kutumwa sokoni na mama yake.

Kinachokosekana ni mchezo. Watoto watano wasimame mbele ya meza moja kwa dakika kumi, watafute vitu viwili vya jina moja ambavyo havilingani, halafu wamuulize muuzaji: kwa nini? Wataona, kwa mfano, maharagwe ya rangi moja, yanayopimwa kwa kopo moja, lakini kwa bei mbili. Mama muuzaji atawaeleza kwamba yale ya bei ndogo yamekaa ghalani muda mrefu, yanachelewa kuiva na yanakula makaa mengi. Hapo mtoto anajua kwamba bei ya sokoni haiishii sokoni, inafika hadi jikoni.

Walimu husema wanafunzi ni hamsini na wauzaji huchoka. Ni kweli. Basi mwalimu apite siku moja kabla kuomba ruhusa, kila kikundi kiwe na meza yake, na saa za wateja wengi ziepukwe.

Kipimo ni daftari. Yote yakiwa na jibu moja, aliyetazama ni mwalimu peke yake.