Mzigo wa Juba uko wapi? Anwani ya ghala iandikwe kwenye taarifa

Mgeni akifika Juba na kumwambia mwendesha boda ampeleke kastomu, atashushwa sokoni. Kastomu ya Juba siku hizi ni soko na kituo cha magari, na jina limebaki kama majina yanavyobaki. Hai Jalaba nayo ilipata jina lake kwa wachuuzi wa kaskazini, walioitwa jalaba, na hadi leo ni mtaa ambao mtu akisema anasubiri kontena hakuna anayemshangaa. Ukitaka kujua mwenye duka wa hapo anauchukulia wapi mzigo wake, jibu haliko Juba kabisa. Bandari ya mtoni iliyopo kwenye Nile haipokei meli zinazotoka Uchina. Mzigo unaokuja kwa barabara hupitia forodha ya Nimule, na kabla ya hapo umekwisha kulala katika ghala fulani nchini Kenya. Ghala lipi? Hapo ndipo fedha za wafanyabiashara zinapopotelea.

Tatizo lina historia. Katikati ya mwaka 2020, wakati wa korona, Kenya iliagiza shehena za nchi jirani zichukuliwe kwenye bandari kavu ya Naivasha, ambako reli mpya inafika. Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudishwa Mombasa. Kati ya maagizo hayo mawili kulikuwa na watu wenye mizigo njiani. Sitaki kuingia katika siasa ya reli na malori, maana kila upande una hoja zake. Ninachosema ni kwamba mwenye duka Hai Jalaba anakuwa wa mwisho kuambiwa, ilhali bili ya kuhifadhi anailipa yeye.

Na hata jina la mahali linaweza kukudanganya. Bandari kavu ya Naivasha haiko Naivasha mjini. Iko upande wa Mai Mahiu, ndani ya Bonde la Ufa, na aliyeshuka mjini akitafuta ofisi atalazimika kupanda gari jingine kurudi alikotoka. Bandari kavu ya Nairobi iko Embakasi. Mombasa nako mzigo si lazima uwe ndani ya Kilindini, kwani makontena mengi huhamishiwa kwenye maghala ya watu binafsi yaliyo chini ya forodha, na baadhi yake yako upande wa Changamwe na Miritini. Kwa hiyo wakala anayekuambia kwa simu kwamba "mzigo uko bandarini" hajakuambia kitu.

Hati ya shehena, ile wengi tunayoiita bi-eli, ndiyo inayoanza kueleza ukweli, ila lazima isomwe visanduku viwili tofauti. Kimoja kinataja bandari ambako meli itashusha, kingine kinataja mahali ambako msafirishaji atakukabidhi mzigo. Kama vyote viwili vinasema Mombasa, kazi ya mwenye meli imeishia Mombasa. Neno Juba likionekana chini, katika maelezo ya bidhaa, pamoja na maneno kwamba mzigo unapita kwenda Sudan Kusini kwa gharama na hatari ya mpokeaji, usifurahi mapema. Maneno hayo yanaisaidia forodha kujua kwamba mzigo si wa Kenya. Hayamlazimishi mwenye meli kuufikisha kwako. Ikiwa kisanduku cha kukabidhi kinasema Nairobi au Naivasha, basi utapandishwa reli au lori kwa hati hiyo hiyo, na kuusubiri Kilindini ni kupoteza wakati.

Mgumu zaidi ni mzigo wa kuchangia kontena, nao ndio wa wengi wetu. Tuchukue mfanyabiashara wa vyombo vya jikoni aliyenunua sufuria Guangzhou, mita za ujazo 6 tu. Hawezi kujaza kontena, kwa hiyo anampa mkusanyaji, ambaye anaweka mizigo ya watu kumi pamoja. Mkusanyaji anampa hati yake mwenyewe, yenye namba aliyoitunga yeye. Kampuni ya meli inatoa hati nyingine, ile kuu, kwa jina la wakala wa mkusanyaji huko Mombasa. Meli ikifika, mfanyabiashara wetu anatuma ndugu yake kwenye ofisi ya kampuni ya meli akiwa na karatasi halali kabisa, na pale anajibiwa kwamba namba hiyo haipo. Anadhani ametapeliwa. Anapiga simu Uchina, siku tatu zinapita.

Hakutapeliwa. Ameuliza mlango usio wake. Kampuni ya meli inaijua hati kuu tu, na kontena limepelekwa kwenye ghala alilolichagua wakala wa mkusanyaji, ambako linafunguliwa na mizigo kutenganishwa. Anayetoa ruhusa ya kuchukua sufuria ni huyo wakala, baada ya kulipwa gharama zake. Namba aliyopaswa kudai tangu siku ya kupakia ni ya hati kuu, pamoja na namba ya kontena na jina la wakala wa Mombasa. Akiwa na hizo, wakala wake wa forodha anaweza kuutafuta mzigo kwenye orodha ya shehena ya meli na kujua ulipelekwa ghala gani.

Namba ya kontena ina faida nyingine ya kumjua mwongo. Ina herufi nne, ya nne kwa kawaida ikiwa U, kisha tarakimu saba. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutoka herufi na tarakimu zilizotangulia, kwa hiyo mtu akikosea au akibuni, mfumo wa kampuni ya meli mara nyingi utaikataa. Ukipewa namba yenye tarakimu tano, anayekupa hajaliona kontena lako.

Yote haya yangekuwa mambo ya ufundi tu kama saa isingekuwa inakwenda. Siku za bure za kuhifadhi kwa kawaida huanza kuhesabiwa mzigo unaposhushwa, bila kujali kama mwenyewe anajua uliko. Kwa kontena zima kuna pia tozo ya kulikalia, inayodaiwa na mwenye meli, na masanduku matupu yana yadi yake ya kurudishiwa, ambayo nayo huwa haitajwi hadi dereva amekwisha kurudi kutoka Nimule.

Maoni yangu ni kwamba taarifa ya kuwasili meli, ile ambayo wakala wa meli humtumia mpokeaji, ilazimishwe kutaja jina la ghala, mtaa lilipo na tarehe ya mwisho ya siku za bure, na kama ghala likibadilishwa baada ya hapo, siku zianze kuhesabiwa upya. Kenya ina uwezo wa kuweka sharti hilo kwa maghala inayoyapa leseni. Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya tangu 2016, ina haki ya kulidai mezani. Mawakala watasema maghala hubadilika dakika za mwisho kwa sababu ya msongamano, na ni kweli. Lakini bili ya msongamano huo kwa sasa inatumwa Hai Jalaba, kwa mtu ambaye hakuwa na sauti wakati ghala linabadilishwa.

Hadi hapo, swali la kumuuliza mkusanyaji kabla hujamlipa hata shilingi ni moja: ghala gani Mombasa, na nani ana funguo?